Karatasi Moja, Wajomba Watatu

Jumamosi ya kwanza ya muhula huu tulikusanyika katika sebule ya wazazi wa mwenzetu mmoja, mtaa wa Najma hapa Doha, tukiwa na nakala kumi na mbili za karatasi ya mazoezi. Wanafunzi wetu walikuwa watoto wa miaka sita, wengi wao wadogo zetu au watoto wa majirani, ambao wazazi wao wanataka Kiswahili kisiishie kwenye simu za kwa bibi. Karatasi ilikuwa na sehemu mbili. Juu, picha za watu wa familia. Chini, picha za watu na kazi zao. Hatukuitunga wenyewe. Mdogo wa mwenzetu alikuwa ameileta nyumbani kutoka shuleni kwake, ikiwa kwa Kiingereza, nasi tukaitafsiri usiku wa kuamkia Jumamosi, neno kwa neno, tukalala tukijipongeza.

Dakika kumi baada ya kuanza, mtoto mmoja wa kike, ambaye wazazi wake ni wa Mombasa, aliinua mkono. Kidole chake kilikuwa juu ya picha ya mwanamume mwenye masharubu, na chini yake tulikuwa tumeandika "mjomba".

"Huyu ni mjomba gani?" akauliza.

Tukamwambia ni mjomba yeyote, wa kwake.

"Mimi mjomba wangu ni mmoja, yuko Malindi. Hana masharubu."

Tulijua ana wengine. Ndugu mkubwa wa baba yake yuko Mombasa, na ndugu mdogo wa baba yake anafanya kazi hotelini hapa hapa Doha na huja kwao kila Ijumaa. Kwenye karatasi ya Kiingereza wote watatu wanaingia katika neno moja na picha moja. Tukamkumbusha huyo wa hotelini. Akatutazama kama watu waliochanganyikiwa, akasema, "Huyo si mjomba. Huyo ni baba mdogo."

Makala haya yanatokana na swali la mtoto huyo. Tunaandika kwa wanachama wenzetu, na kwa walimu wetu ambao mara nyingi hutuomba tusaidie kuandaa vifaa vya watoto, kusema jambo moja: karatasi ya familia na kazi haitafsiriki. Ukiitafsiri, unamfundisha mtoto kusahau kitu alichokuwa anakijua alipoingia darasani.

Tuanze na familia. Kwa Kiswahili, ndugu wa kiume wa baba ni baba: mkubwa akiwa amemtangulia baba kuzaliwa, mdogo akiwa amemfuata. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo kwa kanuni hiyo hiyo. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama peke yake, na shangazi ni dada wa baba. Kwa hiyo mtoto yule ana baba watatu, na hakuna hata mmoja aliye wa ziada. Inafuata pia kwamba watoto wa baba mdogo ni kaka na dada zake. Karatasi yetu ilikuwa na kisanduku cha "binamu", neno ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake mwana wa ami. Watoto wanne kati ya kumi na wawili walikiacha kitupu. Tulidhani hawajui neno. Kumbe walikuwa wanalijua, ila nyumbani kwao hakuna anayeitwa hivyo.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba hapa Doha tulikuwa na msaada karibu, tukaupita. Watoto hawa wanajifunza Kiarabu shuleni, na Kiarabu kina maneno manne pale Kiingereza kinapokuwa na mawili: ami kwa ndugu wa baba, ama kwa dada wa baba, khali kwa ndugu wa mama, khala kwa dada wa mama. Watu wengi wa pwani wanayatumia baadhi yao hadi leo. Wapo kati yetu ambao hawajawahi kusema baba mdogo maishani, wanasema ami. Mtoto anayesoma Kiarabu asubuhi na kusikia Kiswahili jioni tayari ana kichwani mwake ramani inayotenganisha upande wa baba na upande wa mama. Sisi tulimletea karatasi iliyoifuta ramani hiyo, kwa sababu tulipokaa kuandika tulikuwa tunafikiri kwa Kiingereza.

Hata "dada" na "kaka" zilitukwaza. Tulichora mshale kutoka kwa mtoto mkubwa kwenda kwa kitoto kichanga, tukaandika "Huyu ni dada yangu." Leo wengi wetu tunasema hivyo, wala si dhambi. Lakini katika nyumba nyingi za pwani na bara, dada ni aliyekutangulia, na mchanga yule ni mdogo wangu. Bibi mmoja aliyekuwa amekuja kumsalimia mwanawe, akiwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai, aliangalia mshale ule akauliza kwa upole, "Sasa huyu mtoto anamwamkia mtoto mchanga?"

Bibi huyo huyo alitukamata kwenye kosa la pili, ambalo ni letu sisi tuliokulia ughaibuni. Tulikuwa tumepanga nafasi za kujaza: mwalimu w__, daktari w__, baba w__, mama w__, na mtoto amalizie "angu". Ikatoka "baba wangu". Tulifikiri kwa kuwa baba ni mtu, na watu ni ngeli ya M-WA, basi kila kitu kinafuata. Vitenzi vinafuata, tunasema baba anakuja. Hata kiunganishi kinafuata, tunasema baba wa Juma. Lakini vimilikishi vya majina ya undugu vinakwenda njia yao: baba yangu, mama yako, dada zetu, na kwa mkato babake na mamako. Mtoto wa miaka sita hana haja ya kuelezwa ngeli. Anahitaji tu asipewe karatasi inayomlazimisha kuandika jambo ambalo sikio lake linalikataa. Watoto watano waliandika "baba yangu" juu ya ile "w" yetu, nasi, Mungu atusamehe, wawili wa kwanza tuliwasahihisha.

Sehemu ya pili, ya kazi, ilianza vibaya tangu kichwa chake. Kwa Kiingereza karatasi inawaita watu hawa wasaidizi wa jamii, nasi tukaandika hivyo hivyo. Mswahili akisikia "msaidizi" anafikiria mtu wa kujitolea, au mtu aliye chini ya mwingine. Askari wa zimamoto hasaidii. Anafanya kazi na analipwa. Kichwa kilichotakiwa kilikuwa rahisi: Watu na kazi zao.

Kisha picha zenyewe: daktari, mwalimu, polisi, askari wa zimamoto, mkulima na trekta lake. Ni watu wa heshima wote. Lakini tukajiuliza baadaye, mtoto wa Najma akitoka nyumbani kwenda shule anamwona nani? Anamwona mlinzi mlangoni, msafishaji kwenye ngazi, dereva wa basi na yule mama anayekaa na watoto ndani ya basi. Anawaona mafundi ujenzi wakishuka kwenye basi lao, na mpeleka chakula kwenye pikipiki. Wengi wa watu hawa wanatoka Nepali, India na Bangladeshi, na wengi wanatoka kwetu, Kenya na Uganda hasa. Mlinzi akimwona mtoto anamsalimia kwa Kiswahili. Katika karatasi yetu hakuwapo hata mmoja wao, na trekta lilikuwapo.

Hapo ndipo sehemu mbili za karatasi zilipogongana. Zoezi la mwisho liliwataka watoto wakate picha na kuziweka katika vikapu viwili, kikapu cha Familia na kikapu cha Kazi. Tuliwaruhusu wachore mtu mmoja wa kwao wenyewe. Mtoto mmoja wa kiume alimchora mlinzi wa jengo lao, na kofia yake, akamweka kwenye Familia. Mmoja wetu akamwambia hapana, mlinzi ni kazi. Mtoto akasema, "Ni anko."

Alikuwa sahihi. Kwa Kiswahili maneno ya undugu si orodha ya damu tu. Ni namna ya kumwita mtu. Mwanamume rika la baba ni anko, mjomba, baba au mzee, kulingana na mahali. Karatasi iliuliza "huyu ni nani wako?", na mtoto akajibu swali analoulizwa kila siku nyumbani: "huyu unamwitaje?" Ni maswali mawili tofauti, na vikapu viwili haviwezi kuyabeba yote.

Lakini hatutaki kuishia kusema Kiswahili ni kizuri kwa kuwa kinamfanya kila mtu ndugu. Kuna upande mwingine, nao unaonekana katika neno moja ambalo wenzetu wa Tanzania wanalitumia sana: dada wa kazi. Neno hili lina vikapu vyote viwili ndani yake. Ni la heshima kuliko yale maneno ya zamani ya "boi" na "hausigeli", na mtoto analelewa akijua kwamba anayempikia hatakiwi kuitwa kwa jina tupu. Wakati huo huo, "dada" anaweza kuombwa aamke usiku, asiwe na siku ya kupumzika, acheleweshewe mshahara, kwa sababu nani anamlipa dada yake? Hapa Katari sheria namba 15 ya mwaka 2017 inamtambua mfanyakazi wa nyumbani kama mfanyakazi. Inaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, na inampa siku moja ya mapumziko kwa wiki yenye malipo. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, kinamhusu yeye pia. Sheria haimzuii mtoto kumwita dada. Ila inatuambia sisi watunga karatasi kwamba haitoshi kumweka kwenye kikapu cha familia tukamaliza.

Kwa hiyo Jumamosi ya tatu tulirudi na karatasi mpya, na tunaomba ichukuliwe kama pendekezo. Tuliondoa vikapu. Badala yake kila mtu anayechorwa anapewa maswali matatu: Unamwitaje? Anafanya nini? Unaishi naye? Yule mtoto wa mlinzi sasa alijibu hivi: anko, analinda, hapana. Mwingine alijibu: dada, anapika, ndiyo. Hakuna jibu linalofuta jingine.

Swali la pili tuliliandika kwa kitenzi makusudi. Mtoto anakijua kitenzi kabla ya jina la kazi, na kutoka kwenye kitenzi anaweza kulijenga jina mwenyewe. Anayefuma ni mfumaji, anayesafisha ni msafishaji, anayeshona ni mshoni. Ugumu unakuja pale sauti inapobadilika: anayepika ni mpishi, anayelinda ni mlinzi, anayejenga ni mjenzi. Watoto wetu walisema mpiki, mlindi na mjengi. Makosa hayo tuliyafurahia kuliko majibu sahihi ya karatasi ya kwanza, kwa sababu anayesema "mpiki" ameshaipata kanuni. Kilichobaki ni sauti moja, nayo inatengenezwa kwa kusikia, si kwa kalamu nyekundu. Sisi tunarudia tu: "Ndiyo, ni mpishi." Halafu tunawaambia kwamba kuna wengine hawatoki kwenye kitenzi. Anayeendesha basi, watu wanamwita dereva. Anayetengeneza bomba ni fundi bomba, wa umeme ni fundi umeme, wa nguo ni fundi cherehani, na mtoto anaona furaha kubwa kugundua kwamba fundi mmoja anaweza kubadilishiwa mkia.

Idadi tuliipunguza pia. Karatasi ya kwanza ilikuwa na picha kumi na nne. Mtoto wa miaka sita, ambaye bado anaandika herufi moja baada ya nyingine huku ametoa ulimi, anaweza kuandika maneno manne au matano kabla ya kuchoka; baada ya hapo anapaka rangi, nasi tunadhani anajifunza. Sasa tunampa nafasi nne tu, mbili za nyumbani na mbili za nje.

Jambo gumu zaidi halikuwa la lugha. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mstari unaosema "Baba yangu ni ______. Mama yangu ni ______." Mzazi mmoja alitupigia simu usiku ule. Anafanya kazi ya ulinzi, na amemwambia mwanawe aseme baba yuko ofisini. Hakuwa na hasira. Alituuliza tu, "Wanangu, ilikuwa lazima?" Mama mwingine, ambaye mwanawe analelewa na bibi Nairobi na alikuwa amekuja kwa likizo tu, alituambia mtoto alilia njiani kwa sababu kwenye mti wa familia hapakuwa na mahali pa watu walio mbali. Ukweli wa hapa tunaujua sote: ili kuleta familia Katari mfanyakazi anatakiwa awe na mshahara wa kiwango fulani, ambacho mlinzi au msafishaji hakifikii. Baba wengi wa Doha ni baba wa kwenye simu. Mti wenye baba, mama na watoto wawili chini ya paa moja ni picha ya familia moja kati ya nyingi, na kumpa mtoto auijaze ni kumwuliza swali la mshahara bila kujua.

Kamati yetu haikukubaliana hapa. Wapo waliosema tukificha kazi ya ulinzi tunakubali kwamba ni aibu, na sisi wenyewe baadhi yetu tumelipiwa karo na walinzi na madereva. Wapo waliosema mtoto wa miaka sita hawezi kubebeshwa vita vya heshima ambavyo babake hajaviweza. Sote tulikuwa na sababu. Tulichokubaliana mwishoni ni kubadilisha swali. Hatuulizi tena baba yako anafanya kazi gani. Tunauliza, "Leo umemwona nani akifanya kazi?" Anayetaka kumchora babake atamchora. Asiyetaka atamchora dereva wa basi. Mlinzi na msafishaji wanakuwa kwenye karatasi kama watu wa kazi sawa na daktari, na hakuna mtoto anayelazimishwa kutoa siri ya nyumbani. Kwa familia tuliacha mti kabisa. Tuna mistari miwili tu, "Ninaishi na…" na "Wangu walio mbali ni…", na karatasi nyeupe ya kuchora.

Tutajuaje kama karatasi mpya ni bora? Si kwa kuona imejazwa, maana hata ya kwanza ilijazwa. Sisi tunafanya hivi: baada ya wiki moja tunaiweka karatasi pembeni, tunamwomba mtoto alete picha ya simu ya watu wa kwao, tunamwuliza mmoja mmoja, "Huyu unamwitaje?" Akimwita ndugu wa baba yake mjomba ilhali nyumbani wanamwita baba mdogo au ami, basi karatasi imemharibu, hata kama aliijaza yote. Baada ya karatasi ya kwanza tulipata wawili wa namna hiyo, na mmoja wao alikuwa anasema ami kabla hatujamfundisha. Tulimwomba mama yake radhi.

Hatusemi karatasi za Kiingereza ni mbaya huko zilikotoka. Wala hatusemi kila mtoto aseme baba mdogo. Zipo familia za Kiswahili ambazo zimekwisha kuhamia "anko" na "anti" kwa pande zote mbili, na huko ndiko kwao. Tukiwalazimisha maneno ya kamusi tutakuwa tumerudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Tunachosema ni kwamba kabla ya kuchapa, mwulize mzazi swali moja kwa simu: mtoto anawaitaje ndugu zenu? Inachukua dakika mbili kwa kila nyumba. Sisi tulikuwa na nyumba tisa.

Kwa walimu wetu, ombi ni hili. Muhula ujao tunataka kuandaa karatasi ya soko na ya safari kwa watoto hawa hawa. Tafadhali msitupe za kutafsiri. Tupeni saa moja ya kukaa na wazazi kwanza, na kama yule bibi bado hajarudi kwao, tutamwomba akae pale pale pembeni na chai yake.